Koma kabla ya "na": jinsi ya kuiweka kwa mpangilio mmoja kwenye imeili fupi

Imeili yenyewe ilikuwa hii, nilimtumia dada mmoja wa Sinza anayepika chakula cha shughuli, tulikuwa na semina ya siku moja ofisini:

> Mada: Chakula cha semina, maji na sahani
>
> Habari za kazi dada,
>
> Alhamisi tutakuwa watu 30. Asubuhi tunaomba chai ya maziwa, mihogo, na mayai ya kuchemsha. Saa nne tunaomba juisi, matunda, supu na chapati. Mchana tunaomba wali na maharage, ugali na samaki na pilau.
>
> Watakaopokea ni wasimamizi wa semina, mhasibu na dereva. Malipo yatafanywa na mhasibu kwa benki, simu, au keshi.
>
> Asante.

Ukiisoma haraka haraka unaona iko freshi tu. Alhamisi saa nne akafika na bajaji, akashusha bakuli 30 za supu, kila bakuli limefunikwa na juu yake kuna chapati moja imeviringishwa kwenye foili. Mimi kichwani nilikuwa na vitu vinne, juisi, matunda, supu, chapati, na hizo chapati nilitaka zije kwenye hotpoti lake peke yake, mbili mbili kwa kila mtu, maana watu nane walishasema mapema kwamba hawanywi supu. Nikamwambia dada chapati si nilitaka zikae mbali? Akatoa simu, akafungua imeili, akaniwekea kidole kwenye kioo: "Kaka, hebu angalia mwenyewe. Hapa kwenye mayai umeweka koma kabla ya na, hapa kwenye supu hukuweka. Nikajua hivi viwili vinakwenda pamoja."

Na alikuwa sahihi kabisa, hakuna mahali alipokosea. Kwa mtu wa Dar supu na chapati ni kitu kimoja, ukienda kibandani asubuhi unaagiza "supu na chapati" kwa pumzi moja na bei unatajiwa moja. Halafu mimi mwenyewe nilishamwonyesha mstari wa juu kwamba vitu vikiwa mbalimbali naweka koma, sasa nilipoiacha mstari wa pili yeye akaona nimeiacha kwa makusudi. Hapo ndipo ishu nzima ilipo. Msomaji hajui wewe ni mtu wa koma au sio mtu wa koma, anachojua ni kile ulichomwonyesha ndani ya imeili hiyo hiyo, kwa hiyo ukibadilika katikati anayachukulia mabadiliko kuwa na maana.

Koma ninayoizungumzia ni ile ya mwisho kwenye orodha, inayokaa kabla ya "na" au "au". Koma yoyote wengine wanaiita mkato, na hii ya mwisho kwa Kiingereza ina jina la Oxford kwa sababu wachapishaji wa chuo kikuu cha kule wamekuwa wakiitumia kwa miaka mingi. Kwetu huku wengi tumezoea kuiacha, ukichukua gazeti la Kiswahili ukasoma orodha zake nyingi utakuta "wali, nyama na mboga" bila koma. Kuiacha sio kosa na kuiweka sio kosa. Kosa ni kuiweka mara mbili na kuiacha mara nne ndani ya mistari saba kama nilivyofanya mimi. Sasa twende hatua kwa hatua, tukitumia imeili hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: andika mpaka mwisho, halafu zitafute "na" zote

Usihangaike na koma wakati unaandika, utapoteza unachotaka kusema. Maliza kwanza. Ukishamaliza, kama uko kwenye laptopu na umefungua Gmail kwenye brauza, bonyeza Ctrl na F kwa pamoja, kisha andika "na" yenye nafasi mbele na nafasi nyuma. Nafasi hizo ni muhimu, bila hizo itakuokotea kila "mwanangu" na "kesho nakuja" mpaka uchoke. Fanya hivyo hivyo na "au". Kwenye simu sio rahisi kutafuta ndani ya imeili unayoandika, kwa hiyo soma kuanzia sentensi ya mwisho ukipanda juu, sentensi moja moja. Ukisoma kutoka juu kushuka, jicho linateleza kwa sababu tayari unajua ulichoandika, ila ukipanda kutoka chini kila sentensi unakutana nayo kama ngeni.

Kwenye imeili yangu zilipatikana "na" nane na "au" moja. Usisahau mstari wa mada, watu wengi wanausahau, na yangu ya kwanza ilikuwa humo: "Chakula cha semina, maji na sahani".

Hatua ya pili: zitenganishe, maana sio kila "na" ni ya orodha

Hapa ndipo Kiswahili kina mambo yake. "Na" yetu inafanya kazi nyingi sana. Inaunganisha vitu, inamtaja aliyetenda, inasema uko pamoja na nani, inasema una nini. Kwa hiyo usichukue sheria ya koma ukaipaka kila mahali kama rangi, chukua kila "na" uiulize inafanya kazi gani.

Angalia "Malipo yatafanywa na mhasibu". Hiyo inamtaja anayefanya, haihusiani na orodha yoyote, na ukiweka koma hapo unaikata sentensi shingo. Vivyo hivyo "tumekubaliana na bosi", au "tuko na wageni". Hizo ziache zilivyo, usiziguse kabisa.

Halafu kuna "na" iliyo ndani ya kitu kimoja. "Wali na maharage" ni sahani moja, "ugali na samaki" ni sahani moja. Hizo nazo hazipokei koma, ila zikumbuke, kwa sababu ndizo zitakazoamua mambo kwenye hatua ya nne.

Kuna pia "na" inayounganisha sentensi mbili nzima, mfano "Tutafika saa mbili, na nyie mnaweza kuanza kupanga meza." Koma ya hapo ni ya kupumzisha msomaji kati ya sentensi na sentensi, hata kama umeamua kutoweka koma kwenye orodha, hii unaweza kuibakisha na hujavunja mpangilio wako.

Zinazobaki ndizo tunazozitafuta, "na" na "au" zinazotangulia kitu cha mwisho kwenye orodha ya vitu vitatu au zaidi. Kwangu zilikuwa sita: ya mada, ya mayai, ya chapati, ya pilau, ya dereva, na ile "au" ya keshi. Kati ya hizo sita, mbili zina koma na nne hazina. Ukipata mgawanyo wa namna hiyo ujue imeili haiko tayari kutumwa.

Orodha ya vitendo nayo ni orodha. "Tutapokea chakula, tutapanga meza na kugawa" ina vitu vitatu sawasawa na chai, mihogo na mayai, watu wengi wanaikosa kwa sababu wanatafuta majina ya vitu tu.

Hatua ya tatu: hesabu vitu kwa kidole, kwa jinsi unavyovitaka wewe

Usihesabu kwa kuangalia maneno, hesabu kwa kuangalia unachotaka kiletwe mezani. "Juisi, matunda, supu na chapati": mimi nilitaka vinne, dada alihesabu vitatu, na maandishi yalimruhusu. Kama hesabu yako na hesabu ya mtu mwingine zinaweza kupishana kwenye maneno yale yale, hapo umeipata sehemu yenye tatizo.

Vikiwa viwili tu, hakuna koma. "Chai na mihogo", basi. Nasema hivi kwa sababu mtu akishaamua kuweka koma huwa anapitiliza, utakuta ameandika "chai, na mihogo", hiyo inamfanya msomaji ajiulize kama kuna kitu cha kwanza kimefutwa kwa bahati mbaya.

Na kama umerudia "na" kila mahali, "chai na mihogo na mayai", hiyo haihitaji koma hata moja, ndivyo tunavyoongea na inaeleweka. Ila usichanganye staili hiyo na ya koma ndani ya sentensi moja, kwa sababu utapata kitu kama sentensi yangu ya mchana, "wali na maharage, ugali na samaki na pilau", ambapo hakuna anayeweza kujua kama samaki anakwenda na ugali au anakwenda na pilau.

Hatua ya nne: amua, kwa kuangalia orodha ngumu kuliko zote

Watu wanaamua kwa mazoea au kwa kuangalia orodha ya kwanza. Usifanye hivyo. Tafuta orodha ngumu kuliko zote kwenye imeili yako, hiyo ndiyo iamue kwa niaba ya zingine.

Ngumu ni ile ambayo ndani ya kitu kimojawapo kuna "na" au "au". Ikiwepo hata moja, imeili nzima inapokea koma, hata zile orodha nyepesi za "benki, simu, au keshi" ambazo zenyewe hazikuhitaji. Kwangu ilikuwa ya mchana: "wali na maharage, ugali na samaki, na pilau". Ukiiweka hivyo samaki amekaa na ugali wake na pilau imesimama peke yake, hakuna ubishi. Kama orodha zote ni nyepesi, vitu vya neno moja moja, basi iache kote, na imeili itafanana na Kiswahili tulichozoea kusoma.

Swali ambalo watu huniuliza hapo ni kwa nini usiweke koma kwenye ile ngumu tu, zingine uziache. Jibu ni bakuli zile 30. Ukiweka kwenye ngumu tu, zile ulizoziacha zinaanza kusomwa kama vifurushi. Na uzuri wa kuiweka kote ni kwamba hata kifurushi cha kweli sasa unaweza kukionyesha. Tuchukulie ningetaka kweli supu na chapati ziende pamoja, ningeandika "juisi, matunda, na supu na chapati". Koma iko kabla ya "na" ya kwanza, kwa hiyo kitu cha mwisho ni "supu na chapati" kama kilivyo. Nikitaka zikae mbalimbali naandika "juisi, matunda, supu, na chapati". Sentensi hizo mbili zinatofautishika kwa sababu koma ina kazi moja tu imeili nzima.

Hii kitu iliwahi kufika mahakamani. Kule Marekani, jimbo la Maine, sheria ya malipo ya saa za ziada ilikuwa na orodha ya kazi zisizolipwa ziada, na mwisho wa orodha ilisema kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, bila koma kabla ya "au". Madereva wa kampuni ya maziwa wakasema sisi tunasambaza ila hatufungashi, kwa hiyo orodha haituhusu, tulipwe. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona maandishi hayaeleweki upande mmoja, ikawapa haki madereva, na mwaka 2018 wakamalizana kwa dola milioni 5. Hiyo "au" ya huko ni ndugu kabisa na "supu na chapati" yangu, kitu cha mwisho ni kimoja au ni viwili.

Hatua ya tano: ipitishe kote, ukianzia kwenye mada

Rudi kwenye zile sita, nenda moja baada ya nyingine. Ukikutana na "pamoja na" mwishoni mwa orodha, kwa mfano "wali, nyama pamoja na kachumbari", ibadilishe iwe "na" ya kawaida, "wali, nyama, na kachumbari". "Pamoja na" inavuta kachumbari karibu na nyama, na hata ukiwekea koma bado inaacha shaka. Ikiwa una "n.k." ihesabu kama kitu cha mwisho, kwenye imeili ya koma iandike "kalamu, daftari, n.k." kila inapotokea.

Vitu viwili usiviguse. Cha kwanza ni majina rasmi. Ukiandika Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, hilo ni jina la wizara, linabaki hivyo hivyo hata kama imeili yako yote ina koma. Cha pili ni maneno ya mtu mwingine uliyoyanakili kwenye alama za nukuu, au imeili yake iliyokaa chini ya jibu lako. Hizo koma ni zake.

Hatua ya sita: angalia kama koma imezaa tatizo jipya

Hatua hii watu wengi wanairuka. Koma ya mwisho inaondoa utata mmoja na wakati mwingine inaleta mwingine, hasa kwenye watu na vyeo. Chukua sentensi yangu, "Watakaopokea ni wasimamizi wa semina, mhasibu na dereva". Bila koma, mtu anaweza kuelewa kwamba hao wasimamizi ndio mhasibu na dereva, yaani watu wawili tu. Ukiweka koma, "wasimamizi wa semina, mhasibu, na dereva", utata unaondoka, makundi yamekuwa matatu.

Ila badilisha umoja uone. "Msimamizi wa semina, mhasibu, na dereva." Sasa mhasibu amekaa katikati ya koma mbili, na mtu anaweza kusoma kwamba msimamizi ni huyo mhasibu, halafu yuko na dereva. Hapa koma ndiyo iliyoleta shida, na usiitoe, kwa sababu ukiitoa umevunja mpangilio wa imeili yote. Dawa ni kupangua mstari: "mhasibu, dereva, na msimamizi wa semina". Neno linaloweza kuelezwa na jina linalofuata lipeleke mwisho, huko hakuna kinacholifuata cha kulieleza. Mimi siku hizi kwenye orodha ya watu napangua kwanza, hata kabla sijafikiria koma.

Na kuna ambacho koma haifanyi kabisa, haihesabu kiasi. "Fulana 40 za bluu, nyeupe, na nyeusi" bado haisemi kama kila rangi ni 40 au jumla ni 40. Usiitegemee kwa hilo, andika namba mbele ya kila kitu. Kwenye kisa changu namba peke yake ingeniokoa nusu ya njia, dada angeona chapati 60 angeuliza. Orodha ikizidi vitu vitano sita na kila kimoja kina namba na maelezo yake, iweke mistari ya wima, kitu kimoja kila mstari, na hapo koma za mwisho wa mistari unaziacha zote.

Imeili ikishanyooka

> Mada: Chakula cha semina, maji, na sahani
>
> Habari za kazi dada,
>
> Alhamisi tutakuwa watu 30. Asubuhi tunaomba chai ya maziwa, mihogo, na mayai ya kuchemsha. Saa nne tunaomba juisi 30, matunda sahani 30, supu bakuli 22, na chapati 60 kwenye hotpoti lake peke yake. Mchana tunaomba wali na maharage, ugali na samaki, na pilau.
>
> Watakaopokea ni mhasibu, dereva, na wasimamizi wa semina. Malipo yatafanywa na mhasibu kwa benki, simu, au keshi.
>
> Asante.

Kabla ya kubonyeza kutuma, tafuta mara mbili zaidi, kila moja ikiwa na nafasi moja mwishoni ili isiokote "nataka" wala "aunti":

```
, na 
, au 
```

Jumlisha majibu. Kwenye hii ni matano na moja, jumla sita, na orodha tulizozihesabu kwenye hatua ya pili zilikuwa sita. Zikilingana, tuma. Zikipungua, kuna orodha umeiruka, na mara nyingi ni ile ya mada. Zikizidi, kuna koma imeingia kwenye vitu viwili tu, au imeingia kwenye ile "na" ya "yatafanywa na mhasibu", au una ile ya kuunganisha sentensi mbili, ambayo hiyo unaitoa kwenye hesabu na kuiacha ikae ilipo.